Alama ya H kando ya LYM%: soma namba kabla ya kuogopa

Mama mmoja muuza omena kutoka Dunga, hapa Kisumu, alifika kwenye dirisha la maabara yetu akiwa ameikunja karatasi ya majibu mara nne. Alikuwa amepona homa na mafua ya siku tano, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ila kando ya LYM%, yaani asilimia ya limfosaiti kati ya chembe nyeupe za damu, mashine ilikuwa imechapa 55 na herufi H, yaani imepanda. Mwanawe alikuwa ametafuta kwenye simu. "Daktari, niambie tu, ni saratani ya damu?"

Ili kumjibu, ilibidi nianze na chembe nyeupe zenyewe, kwa sababu si za aina moja. Nutrofili ndizo nyingi kwa mtu mzima. Hukimbilia penye kidonda au usaha na kuwameza bakteria, na huishi katika damu kwa saa chache tu. Limfosaiti ndizo zenye kumbukumbu: baadhi hutengeneza kingamwili, nyingine huua seli zilizoingiliwa na virusi. Monosaiti hufuata nyuma kusafisha mabaki. Eosinofili hupanda kwa minyoo, kichocho na mizio, na kwa wavuvi wetu wa ziwani huwa naziangalia sana. Basofili ni chache mno.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mama. WBC, jumla ya chembe nyeupe, ilikuwa 3.6, maana yake 3,600 katika mikrolita moja ya damu. Mashine nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 4 na 11. Asilimia 55 ya 3.6 ni karibu 2.0, na hiyo ndiyo namba iliyochapwa kwenye LYM#, yaani idadi yenyewe ya limfosaiti. Kwa mtu mzima, 1 hadi 4 ni sawa. Kwa hivyo limfosaiti zake hazikuwa zimeongezeka hata kidogo. Kilichopungua ni nutrofili: asilimia 35, yaani 1.26. Ni kama gunia la mahindi na maharagwe: ukichota mahindi, sehemu ya maharagwe inaonekana kubwa ingawa hujaongeza hata punje moja.

Na kwa nini nutrofili zilikuwa chache? Virusi huweza kuzishusha kwa muda. Tena watu wengi wenye asili ya Kiafrika huzaliwa na nutrofili chache katika damu kuliko viwango vilivyopimwa kwa Wazungu, na hawana ugonjwa wowote. Hutokana na badiliko katika jeni ya Duffy, lile lile linalowakinga dhidi ya malaria ya vivaksi. Mashine haijui hayo. Inachapa L, yaani imeshuka, na kuendelea na kazi.

Limfosaiti zikipanda kweli, yaani LYM# yenyewe ikivuka 4 kwa mtu mzima, mara nyingi tunafikiria virusi. Kifaduro nacho huzipandisha sana kwa watoto, kwa kuwa sumu ya bakteria wake huzizuia kutoka kwenye damu kwenda kwenye tezi. Ila mzee asiye na homa ambaye LYM# yake inabaki juu kwa miezi apelekwe kwa daktari wa damu, na damu yake iangaliwe kwa darubini. Mtoto mdogo ni suala jingine: hadi karibu miaka minne, limfosaiti huwa nyingi kuliko nutrofili, na 5 kwa mtoto wa miaka miwili si jambo la kushtua.

Nutrofili zilizopanda huelekeza zaidi kwenye bakteria. Kijana mwenye maumivu ya tumbo chini upande wa kulia, WBC 15.2 na nutrofili asilimia 86, ana nutrofili 13 hivi. Hapo kidole tumbo kinashukiwa, na daktari wa upasuaji aitwe. Lakini namba hiyo hiyo naweza kuipata kwa mgonjwa wa pumu aliyemeza prednisoloni tangu juzi. Nutrofili nyingi hujibanza kwenye kuta za mishipa, na dawa hiyo huzibandua zikaingia kwenye mkondo wa damu. Ujauzito, kuungua, upasuaji na sigara pia huzipandisha. Homa ya matumbo, kwa upande mwingine, ni maambukizi ya bakteria ambayo mara nyingi hayapandishi chembe nyeupe, kwa hivyo hesabu ya kawaida haiifuti.

Nilimwambia mama arudi baada ya wiki mbili, bila dawa yoyote. Tulitoa damu tena kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. WBC ilikuwa 4.4, nutrofili 2.1, LYM% imeshuka hadi 41. Na LYM#? Ilikuwa 1.8, karibu pale pale ilipokuwa siku ile alipokuja amekunja karatasi.