Kodi ndani ya mabano: maana yake, na namna ya kuzishusha kutoka juu ya maneno

Katika karatasi nyingi za nyimbo tunazopeana sisi wapiga gitaa wa kwaya hapa Moshi, kodi (za muziki, si zile za serikali) huandikwa katika mstari wake peke yake, juu ya mstari wa maneno. Mwandishi huongeza nafasi tupu mpaka kila kodi ikae juu ya silabi ambapo mkono hubadilika. Kuandika kodi ndani ya mabano ni kuuondoa mstari huo wa juu na kuichomeka kila kodi, ikiwa imefungwa kwa mabano ya mraba, mara tu kabla ya silabi yake. Mtindo huo huitwa ChordPro, na programu zinazousoma huzipandisha kodi tena juu ya maneno wakati wa kuonyesha au kuchapa, hivyo mpigaji hayaoni mabano yenyewe.

Sababu ya kujisumbua ni kwamba, katika mtindo wa zamani, mahali pa kodi panashikiliwa na nafasi tupu pekee. Ukiifungua karatasi hiyo kwenye simu yenye kioo chembamba, mstari wa kodi na wa maneno hukatika kila mmoja kwa wakati wake, na kodi huangukia maneno yasiyo yake. Hata kushusha ufunguo ili soprano wapumue kunaharibu mpangilio, kwa kuwa A ikigeuka Ab huongeza herufi moja na kuzisukuma kodi zote zinazofuata. Ndani ya mabano, kodi huandamana na silabi yake popote iendako.

Tuchukue mstari huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

```
   G     C      D7  G
Asubuhi mlima wavua wingu
```

Ukihesabu herufi na nafasi tupu kuanzia kushoto, G ya kwanza iko nafasi ya 4, C ya 10, D7 inaanzia ya 17, na G ya mwisho ya 21. Katika mstari wa maneno, nafasi hizo ni mwanzo wa "bu", "li", "vu" na "wi". Matokeo yake ni haya:

```
Asu[G]buhi m[C]lima wa[D7]vua [G]wingu
```

Kosa la kawaida, na mimi nimelifanya kwa daftari zima, ni kuchomeka kodi kutoka kushoto kwenda kulia kwa kufuata hesabu ile ile. Ukishaweka [G], mstari umerefuka kwa alama tatu, na nafasi ya 10 sasa si "li" tena. Utapata `Asu[G]buh[C]i mlima`, na kila kodi inayofuata itapotea zaidi. Dawa yake ni kuanza na kodi ya mwisho na kurudi nyuma: 21, kisha 17, kisha 10, kisha 4. Kinachorefuka kinakuwa upande wa kulia, ambako umekwisha kumaliza.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kulikamata kosa hilo kwa macho. Kwa kuwa silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, bano linalofunguka katikati ya neno linapaswa kutanguliwa na irabu. Ukiona bano baada ya "h", kama hapo juu, au linalopasua "mbw" au "ng'", basi kodi imeteleza. Isipokuwa "m" inayosimama kama silabi, kama katika "mlima", na baadhi ya maneno ya kukopa kama "daktari". Kipimo hiki hakigundui kodi iliyoruka silabi nzima. Hiyo utaijua kwa kuimba tu.

Hesabu pia hudanganya pale ambapo karatasi ilichapwa kwa fonti ambayo herufi zake hazilingani upana. Katika fonti kama Times New Roman nafasi tupu ni nyembamba kuliko herufi nyingi, kwa hiyo aliyechapa kwa kukadiria kwa jicho, kama wafanyavyo wengi kwenye steshenari, aliweka nafasi nyingi kuliko herufi zilizo chini yake. Kabla ya kuhesabu chochote, geuza maandishi yote yawe Courier New. Kodi zikibaki juu ya silabi zinazoeleweka, endelea. Zikikimbilia kulia, tena zaidi kadiri mstari unavyosonga, acha kuhesabu na uzipange kwa kufuata karatasi iliyochapwa, ukiimba. Alama za Tab nazo zibadilishwe ziwe nafasi tupu kwanza, maana Tab moja huhesabiwa kama herufi moja lakini huonekana kama nyingi.

Programu zinazofanya kazi hii zenyewe hutambua mstari wa kodi kwa kuangalia kama kila neno lililomo linafanana na kodi. "E Bwana" hupita salama kwa sababu ya neno la pili, lakini kiitikio chenye "E! E! E!" peke yake kinaweza kudhaniwa kuwa ni kodi ya E mara tatu, kwa hiyo mstari wa namna hiyo uuandike kwa mkono. Kodi inayopigwa baada ya neno la mwisho huwekwa mwishoni mwa mstari baada ya nafasi moja, na utangulizi usio na maneno huandikwa mabano matupu: `[G] [C] [D7] [G]`.