Unene wa vidonge si kunawiri

Zinapokaribia harusi, mimi daktari hapa Chake Chake hurudia kuambiwa neno lile lile: kwamba vidonge vya kunenepa ni chakula tu, havina madhara, na vinamrudishia bi harusi umbo alilokuwa nalo bibi yake. Naomba dhana hii ikome.

Mwezi uliopita nililetewa msichana wa miaka 22, ambaye kwa muda wa miezi miwili alikuwa akimeza kila jioni vidonge viwili vya deksamethasoni, dawa ya homoni, kila kimoja nusu miligramu, alivyonunuliwa bila cheti cha daktari. Mama yake alifurahi kwa kuwa mashavu yamejaa. Mimi niliona uso wa mviringo uliovimba, tumbo limetoka na kupata michirizi ya zambarau, ilhali mikono na mapaja yamepungua, hata kuinuka mkekani alihitaji kushika ukuta. Hivyo ndivyo unene wa dawa unavyojulikana: chakula hunenepesha mwili mzima, lakini dawa hii hukusanya mafuta usoni, shingoni na tumboni huku ikila misuli. Sukari yake ilikuwa imepanda, na shinikizo la damu vilevile.

Kosa la pili, ambalo ni la hatari zaidi, ni kuviacha ghafla baada ya harusi. Tezi zilizo juu ya figo hulala kwa sababu mwili unapata homoni kutoka nje kwa njia ya vidonge, na dawa ikikatwa kwa siku moja mtu hutapika, huishiwa nguvu, na huweza kuzimia au hata kufa. Nilimpunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ndivyo inavyopasa kila anayevitumia kufanyiwa na daktari. Bibi zetu, kwa jambo hilo, walinenepeshwa kwa maziwa, uji na mapumziko ya uwarini chini ya somo, si kwa homoni.

Wengine husema kuwa mwembamba ni mgonjwa. Fikra hiyo ilizidi nguvu wakati UKIMWI ulipokuwa hauna dawa na watu wakikonda, lakini wembamba wa tangu utotoni, kwa mtu anayekula na mwenye nguvu zake, si maradhi.

Nayo dhana kwamba kupenda wembamba ni tabia ya Wazungu tangu asili, isiyoweza kutufikia, haina msingi. Rubens, mchoraji wa Ulaya aliyefariki mwaka 1640, alichora wanawake wanene kuwa ndio warembo wa zama zake. Huko Fiji, ambako mwili mkubwa ulisifiwa, televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995; wasichana wa shule walipoulizwa mwaka huo hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue, na mwaka 1998 walikuwa takriban 11 katika kila 100.

Mdogo wake yule bi harusi, wa miaka 15, alimsindikiza. Nilipompima naye, aliniambia kuwa huacha chakula cha usiku, kwani hataki kufanana na mama yake.