Moteri ya kinu ikiungua, bima ya moto hailipi?

"Nimelipa asiransi ya moto, kwa hiyo moteri ya kinu ikiungua watanilipa."

Mara nyingi hawatalipa. Chukua kinu cha mahindi hapa Lubumbashi. Fezi moja ya umeme inakatika, moteri inaendelea kwa mbili, inanguruma bila nguvu, inatoa moshi, inazima. Mwenye kinu anaona kitu kimeungua. Bima ya moto inatafuta miali iliyowaka mahali isipotakiwa. Joto lililoishia ndani ya moteri ni hitilafu ya umeme, na mikataba mingi ya moto huiacha nje, isipokuwa umenunua nyongeza ya uharibifu wa umeme. Cheche zikirukia magunia na ghala likateketea, hasara hiyo ndiyo ya moto.

Bima ya kuvunjika kwa mashine ndiyo hushika uharibifu wa ghafla unaotoka ndani: shoti, beringi kukwama, hata kosa la mwendeshaji. Tuseme kusuka koili upya ni dola 900, na mkataba unakuachia 200 za kwanza; unalipwa 700. Nyundo za kusagia, chekeche na mikanda kwa kawaida hazimo, maana huisha kwa kazi. Mapato ya siku ambazo kinu kimesimama nayo huhitaji mkataba wake.

Nakusihi, usimruhusu fundi atupe koili za zamani kabla mkaguzi hajaziona. Fezi ikikosekana, fungu moja au mawili huwa meusi na mengine hubaki safi. Zote zikiwa nyeusi, atauliza kama kinu kilizidishiwa mzigo.