Karatasi, chuma au kitambaa: mafuta ya kahawa yanaishia wapi?

Je, wajua kwa nini kahawa ileile ya Moshi, kwa maji yaleyale, inatoka na ladha tatu tofauti ukiichuja kwa karatasi, kwa wavu wa chuma na kwa kitambaa? Na chujio lipi lina nafuu, lipi ni safi, na kila moja libadilishwe baada ya muda gani?

Sababu ni vitu viwili ambavyo haviyeyuki kwenye maji: mafuta ya kahawa na vumbi lake. Buni iliyokaangwa ina mafuta mengi, na ukiisaga, hata kwa mashine nzuri, hutoka punje kubwa pamoja na unga laini sana. Kinachopita na kinachobaki kati ya hivyo viwili ndicho kinachoamua ladha. Na mafuta hayohayo, yakinasa kwenye chujio, ndiyo yanayoamua usafi wake na maisha yake.

Karatasi hukamata karibu mafuta yote na vumbi lote. Kahawa hutoka nyepesi na angavu, na ukali wa matunda ulio kwenye arabika ya nyanda za juu husikika wazi. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alichoka na mashapo kwenye kikombe. Alitoboa chombo cha shaba, akakitandika karatasi ya kukaushia wino iliyotoka kwenye daftari la mwanawe, kisha akasajili hataza. Karatasi za leo ni nzuri kuliko ile, ila bado zina ladha yake, hasa za kahawia ambazo hazikupaushwa. Dawa yake ni kumwagia maji ya moto kabla ya kutia kahawa, na kuyamwaga maji hayo.

Wavu wa chuma una matundu makubwa zaidi. Mafuta hupita karibu yote, pamoja na sehemu ya vumbi, kwa hiyo kahawa huwa nzito mdomoni kama tui la kwanza, na chini ya kikombe hubaki mashapo. Wanaopenda kahawa yenye uzito hufurahia. Ila vumbi lililopita halijaacha kazi: linaendelea kutoa uchungu ndani ya kikombe, ndiyo maana kahawa ya wavu ikikaa nusu saa huwa kali kuliko ilivyomiminwa.

Kitambaa kiko katikati, na kwa ulimi wangu ndicho kinachotoa kahawa tamu kuliko yote. Nyuzi za pamba huzuia vumbi karibu kama karatasi, lakini huachia sehemu ya mafuta. Kahawa hutoka laini bila mchanga wowote. Kosta Rika hutundika mfuko wa kitambaa kwenye kigingi cha mbao juu ya kikombe, na mikahawa ya zamani ya Japani bado inashikilia vitambaa vya flaneli.

Chukua gramu 15 za kahawa na mililita 250 za maji uone tofauti. Kwenye karatasi, kwa usagaji wa wastani, maji yote hushuka kwa takriban dakika tatu. Yakizidi nne, unga ni laini mno na kahawa itakuwa chungu. Hamishia unga huohuo kwenye wavu, maji yatakimbia na kahawa itatoka chapwa huku ikiwa na matope. Kwa wavu, saga iwe na punje kubwa kidogo ili vumbi lipungue, kisha mimina maji kidogo kidogo, kwa awamu nne au tano, ili yapate muda wa kukaa na kahawa. Kitambaa hakidai mabadiliko makubwa, mradi kiwe kimeloweshwa na kukamuliwa kwanza.

Mafuta hayo yana jambo jingine linalostahili kufahamika. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, Norwei, waliona kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi. Baadaye ikabainika kwamba tatizo lilikuwa kwenye kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi, na kwamba mhusika mkuu ni kafestoli, kitu kilichomo kwenye mafuta ya buni. Karatasi huizuia karibu yote. Wavu huipitisha kwa wingi. Kitambaa kinene cha pamba huzuia sehemu kubwa. Kikombe kimoja kimoja si cha kumtia mtu hofu, lakini aliyeambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake iko juu, na anakunywa vikombe vinne kwa siku, ningemwambia achukue karatasi bila kusita.

Kwa usafi, karatasi haina mpinzani, kwa sababu mafuta huondoka nayo pamoja na machicha. Wavu unaoshwa mara tu unapomaliza, kwa maji ya moto, sabuni kidogo na brashi laini. Ukiuacha ukauke na machicha, mafuta huganda kwenye matundu. Utajua umeziba pale maji yanapochukua muda mrefu kuliko zamani kwa usagaji uleule, au unapouinua kwenye mwanga ukaona madoa meusi. Uloweke kwenye maji ya moto yenye vijiko viwili vya bikaboneti kwa nusu saa, kisha usugue. Wavu unaotunzwa hudumu miaka. Hubadilishwa tu ukichanika au ukiachia pale ulipounganishwa.

Kitambaa ndicho kinachotaka nidhamu. Mafuta yaliyonasa kwenye nyuzi yakikutana na hewa huchacha, na kikombe kinachofuata kitakuwa na harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa. Kwa hiyo usikianike. Kisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kwa kuwa pamba hunywa manukato ya sabuni na kuyarudisha kwenye kahawa. Kisha kiweke ndani ya chombo chenye maji safi kwenye friji, na maji yabadilishwe kila siku. Mara moja kwa wiki kichemshe dakika kumi. Asiye na friji, au anayekunywa kahawa Jumapili kwa Jumapili, aachane nacho. Rangi ya kahawia si ubovu. Ubovu ni harufu isiyotoka hata baada ya kuchemsha, au maji kugoma kupita. Kwa matumizi ya kila siku, hali hiyo huja baada ya miezi miwili au mitatu.

Kuhusu gharama, bei hutofautiana kati ya duka na duka, basi tuchukue mfano. Tuseme karatasi 100 ni shilingi 15,000 za Tanzania, yaani 150 kwa kila uchujaji. Anayechuja mara mbili kwa siku atatumia kama 109,500 kwa mwaka. Wavu wa shilingi 60,000 utakuwa umerudisha fedha yake baada ya siku 200. Kitambaa kinazishinda zote: nusu mita ya marikani, tuseme shilingi 3,000, hutoa vipande vitatu vya kushona mfuko, na kwa mwaka utahitaji vinne hadi sita. Hakikisha ni pamba tupu isiyotiwa rangi. Marikani mpya huja na wanga wa kiwandani, hivyo ichemshe kwanza, umwage maji, urudie mpaka yatoke bila weupe. Weka pia gharama ya moto kwenye hesabu: gesi au mkaa wa kuchemshia kila wiki si bure, ingawa hata ukiuongeza, kitambaa bado kiko mbali chini ya karatasi.