Barua ya mwajiri ya kuthibitisha ajira na mshahara: ushahidi uko wapi, ahadi inaanzia wapi

Mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania akienda benki au kwenye SACCOS kuomba mkopo wa mshahara, ataambiwa alete vitu vitatu: slipu za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti anakopokelea mshahara, na barua ya mwajiri. Slipu na taarifa ya akaunti huonyesha fedha zilizokwisha kulipwa. Barua ndiyo inayosema kama fedha hizo zitaendelea kuja, na kwa masharti gani. Ndiyo maana afisa mikopo huisoma kwa makini kuliko hizo mbili, na mara nyingi hupiga simu ofisini kuuliza kama aliyesaini yupo na kama kweli alisaini.

Kinachochanganya watu ni kwamba karatasi hiyo moja hubeba kauli za aina mbili. Ya kwanza ni ushahidi: huyu ni mwajiriwa wetu, alianza tarehe fulani, cheo chake ni hiki, mkataba wake ni wa aina hii, analipwa kiasi hiki. Ya pili ni ahadi: tutakata rejesho kila mwezi na kulipeleka benki, na akiondoka kazini tutawajulisha. Ushahidi ukiwa wa kweli, mwajiri amemaliza kazi yake. Ahadi inamfunga mpaka mkopo uishe.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu hapo ndipo faili nyingi hurudishwa. Chukua mtunza stoo ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 100,000. Kodi ya PAYE hukokotolewa kwenye 900,000 iliyobaki, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara ni 103,000. Alisoma kwa mkopo wa HESLB, hivyo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Anaondoka na 647,000. Mwezi uliopita alifanya kazi saa nyingi za ziada, akalipwa 200,000 juu ya mshahara.

Sasa mhasibu mwenye haraka anaandika: “mshahara wake ni Sh. 1,200,000.” Mwezi huo kiasi hicho kilikuwepo kwenye hesabu, lakini mshahara wake si huo. Benki ikiangalia akaunti, miezi mingine yote inaona 647,000. Afisa mikopo hana njia ya kujua kama hilo ni kosa la kawaida au barua imeghushiwa, kwa hiyo faili linarudi. Barua nzuri hutenganisha mshahara wa msingi, posho za kudumu, makato, na kile anachopokea mkononi. Malipo ya saa za ziada au kamisheni yakitajwa, isemwe wazi kwamba hubadilika mwezi hadi mwezi.

Makato nayo hayatakiwi kufichwa, hata kwa huruma. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba baada ya makato yote mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwa mtunza stoo wetu theluthi hiyo ni kama 333,333. Ukiitoa kwenye 647,000, rejesho la mkopo mpya haliwezi kuzidi 313,667 kwa mwezi. Lakini kama tayari anakatwa 100,000 ya SACCOS ya kazini na barua imeinyamazia, nafasi halisi ni 213,667. Benki ikimpa mkopo wa rejesho la 300,000, mhasibu yuleyule ndiye atakayekwama mwisho wa mwezi: akate pote na kumwacha mtu chini ya theluthi, au aruke mmoja wa wadai.

Aina ya mkataba inahitaji sentensi yake. “Ni mwajiriwa wetu” pekee haitoshi. Kama yuko kwenye kipindi cha majaribio, isemwe. Kama mkataba ni wa miaka 2 na imebaki miezi 14, itajwe tarehe ya kuisha, kwa sababu kwa kawaida benki hupanga marejesho yaishe kabla ya siku hiyo. Kuna waajiri wanaoongeza “tunatarajia kumwongezea mkataba.” Binafsi ningeifuta sentensi hiyo. Benki haiwezi kuitegemea, na mfanyakazi anaweza kuishika siku mkataba usipoongezwa.

Sasa ahadi. Benki nyingi huja na fomu yao tayari, na mwajiri hutakiwa kugonga mhuri tu. Isomwe kwanza. “Tutakata na kuwasilisha rejesho kila mwezi maadamu ni mwajiriwa wetu” ni ahadi ya kawaida. “Tutahakikisha mkopo wote unalipwa” inakaribia udhamini, na mkopaji akitoweka, kampuni inaweza kudaiwa deni ambalo haikulikopa. Nyingine husema mafao yake yote yatapelekwa benki. Mwajiri hana mamlaka juu ya fedha zilizoko NSSF, hivyo asiziahidi. Kilicho mikononi mwake ni malipo ya mwisho: siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuchukua, na kiinua mgongo pale anapostahili. Nacho kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Hata akikaa miaka 20, sheria inampa siku 70. Hiyo si kinga kubwa kwa mkopo wa mamilioni, na benki inalijua hilo.

Pia barua ya mwajiri kwenda benki haitoshi kuruhusu makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi kukatwa mshahara kwa ajili ya deni. Karatasi hiyo ibaki kwenye faili lake, pamoja na ombi lake la kuandikiwa barua. Mshahara ni taarifa binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika si busara kuutoa kwa sababu tu mtu amepiga simu akisema anatoka benki. Kwa sababu hiyohiyo, iandikwe kwa benki na tawi linalojulikana, si kwa “yeyote anayehusika.”

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

“Tunathibitisha kuwa Ndugu (jina kamili) ni mwajiriwa wetu tangu (tarehe), kwa cheo cha mtunza stoo, kwa mkataba usio na ukomo. Mshahara wake wa msingi ni Sh. 1,000,000 kwa mwezi. Baada ya makato ya NSSF, PAYE na HESLB hupokea Sh. 647,000. Hana makato mengine kupitia kwetu. Kwa ridhaa yake ya maandishi, tutakata rejesho litakalokubaliwa na kuliwasilisha kwenu kila mwezi kwa muda atakaokuwa mwajiriwa wetu. Ajira yake ikikoma tutawajulisha kwa maandishi. Barua hii si dhamana ya mkopo wake.”

Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na tarehe, sahihi, jina na cheo cha aliyesaini, mhuri, na simu ya ofisi badala ya simu yake ya mkononi. Ahadi ile ya kujulisha ndiyo husahaulika zaidi. Mtu anaacha kazi Machi, benki inagundua Mei baada ya marejesho mawili kukosekana, na swali la kwanza linaelekezwa kwa aliyegonga mhuri. Kwa hiyo nakala ya barua iwekwe pia kwa anayeandaa malipo ya mwisho, kabla hajayalipa.