Kopo la zinki lililobaki mkobani

Mvua zikianza, swali tunaloulizwa sana kwenye dirisha la dawa ni hili: "Daktari, hivi vya zinki vya kumumunya nitumie vingapi?" Anayeuliza huwa ana leso mkononi na pua imeziba. Swali la pili, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni la siku: nitumie mpaka lini? Kwenye zinki, hilo la pili ndilo zito.

Nianze na faida, maana ipo kiasi. Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliangalia majaribio mengi na kuona kwamba huenda zinki ikapunguza siku za mafua kwa takriban 2. Wenyewe walisema ushahidi huo ni dhaifu, na kwamba kuitumia ukiwa mzima ili mafua yasikupate hakusaidii, au kunasaidia kidogo mno. Katika majaribio mengi watu walianza mapema, ndani ya saa 24 za kwanza, wakawa wanamumunya kidonge kila baada ya saa chache. Kuanza siku ya nne, pua imekwisha kufunguka, ni kupoteza pesa. Kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni vitakupata hata hivyo, hasa ukimumunya tumbo likiwa tupu.

Sasa tazama hesabu. Mtu mzima anahitaji miligramu 8 za zinki kwa siku akiwa mwanamke, 11 akiwa mwanamume. Kiwango cha juu ambacho Wamarekani wanakihesabu kuwa salama kwa matumizi ya kila siku ni miligramu 40, chakula kikiwemo. Ulaya wameshusha hadi 25. Lakini majaribio ya mafua yaliyoonyesha faida mara nyingi yalitumia zaidi ya 75. Kwa maneno mengine, dozi ya mafua inavuka mpaka tangu siku ya kwanza. Inavumilika kwa sababu moja tu, kwamba ni ya siku chache. Tunashauri mtu mzima asipitishe siku 7 kwa dozi hiyo.

Lebo nayo inachanganya. Kuna uzito wa chumvi ya zinki, na kuna uzito wa zinki yenyewe. Kidonge chenye miligramu 50 za glukoneti ya zinki kina zinki yenyewe kama miligramu 7 tu. Aseteti ya zinki ina zaidi, karibu theluthi moja ya uzito wake. Lebo isipoeleza ni uzito upi, mwulize mfamasia kabla hujalipa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 54 mwenye duka la nafaka Busia. Vumbi la malori na la mahindi humfanya apige chafya mwaka mzima, na yeye kila chafya anaiita mafua. Kopo lake la vidonge vya kumumunya, kila kimoja kikiwa na miligramu 13 za zinki yenyewe, linakaa mkobani pamoja na funguo. Anamumunya 8 kwa siku kama peremende: hizo ni miligramu 104. Asubuhi anameza kidonge cha vitamini mchanganyiko chenye 15 nyingine. Jumla ni 119, chakula bado hakijahesabiwa, karibu mara tatu ya ule mpaka wa 40. Na ameendelea hivyo miezi 14.

Madhara hayatoki kwenye zinki moja kwa moja. Yanatoka kwenye shaba. Ndiyo, shaba ileile iliyochimbwa migodini Kilembe, Uganda. Mwili unahitaji chembe yake kila siku, chini ya miligramu moja, na kwa kawaida karanga, simsim, maharage na maini vinatosha. Zinki nyingi ikipita utumbo mdogo, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini. Kinachoichochea protini hiyo ni zinki, lakini yenyewe inashikana na shaba kwa nguvu zaidi. Shaba ya chakula inanaswa ndani ya seli kabla haijafika kwenye damu, na baada ya siku chache seli hiyo inachakaa, inabanduka na kutoka na choo. Madaktari hutumia mbinu hiihii makusudi kwa wagonjwa wa Wilson, ambao miili yao hujaza shaba kupita kiasi. Mama wa Busia hana ugonjwa huo, ila anajipa dawa yake.

Cha kwanza anachokiona ni uchovu. Anapima damu: himoglobini ni 8.2. Anapewa vidonge vya chuma, anameza miezi miwili, damu haipandi. Haiwezi kupanda, kwa sababu chuma huhitaji vimeng'enya vyenye shaba ili kitoke kwenye ghala za mwili kiende kutengeneza damu. Kipimo cha damu kamili kinaonyesha jambo la pili, nalo ndilo linalopaswa kumshtua anayelisoma: seli nyeupe ziko chini, hasa nyutrofili, wakati chembe sahani ziko sawa. Malaria hakuna, Virusi vya Ukimwi hakuna. Uboho wa mifupa ukichunguzwa unaweza kuonekana kama wa mtu anayeelekea kwenye saratani ya damu, na wapo waliotibiwa hivyo kabla ya mtu kuuliza habari za zinki.

Kisha miguu. Ganzi inaanzia nyayoni na kupanda. Mchana anatembea vizuri kiasi, lakini usiku uani anayumba, na akifumba macho kunawa uso inabidi ashike ukuta. Mishipa ya uti wa mgongo inayoueleza ubongo miguu iko wapi imeumia, na macho ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo. Upungufu wa vitamini B12 huleta dalili zilezile, kwa hiyo wengi hupimwa B12, ikakutwa sawa, na uchunguzi ukaishia hapo. Usiishie hapo. Omba kipimo cha shaba na cha seruloplazmini, protini inayobeba shaba kwenye damu. Zote zitakuwa chini, na zinki itakuwa juu.

Matibabu ni kuacha zinki yote, vitamini mchanganyiko ikiwemo, na kupewa shaba kwa dozi ya daktari. Zinki iliyojaa mwilini huchukua muda kutoka, hivyo majibu si ya kesho. Damu hurudi kwa kawaida kati ya wiki 4 na 12. Miguu ni habari nyingine: mara nyingi kinachopatikana ni kusimamisha uharibifu na kupata nafuu kidogo, na ganzi nyingine hubaki. Ndiyo maana ukienda kupimwa damu, beba kila kopo unalotumia, hata lile unaloliona ni la peremende.

Lililosemwa hapa lisimfanye mzazi amnyime mtoto zinki ya kuharisha. Ile inayotolewa pamoja na maji ya chumvi na sukari ya ORS ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Mpe mpaka zimalizike hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Zikiisha, usinunue pakiti nyingine ya kuendelezea.