Rekodi ya Mgonjwa Anayewaza Kujiua: Sababu za Uamuzi Ziandikwe

Mara nyingi rekodi ya mgonjwa aliyesema anawaza kujiua huishia kwenye maneno mawili, "hatari ndogo", na tarehe ya kurudi. Maneno hayo hayamfai mhudumu wa zamu inayofuata, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kubashiri nani atajiua. Kinachomfaa ni kujua mgonjwa alisema nini na kwa nini aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwendesha bodaboda wa Kayole, mwenye miaka 27, anayesema kwamba siku hizi anaona "afadhali nisiamke". Maneno hayo yaandikwe kama alivyoyatamka. Kisha historia itenganishwe na hali ya sasa: aliwahi kujaribu kujiua, na hilo halibadiliki, lakini pikipiki iliyochukuliwa na mkopeshaji juzi, kukosa usingizi na pombe ya kila jioni ni mambo yanayoweza kushughulikiwa. Aulizwe waziwazi kama ana nia, mpango au njia ya kujidhuru, kwa maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Jibu la "hapana" nalo liandikwe, la sivyo msomaji hatajua kama swali liliulizwa.

Mambo yanayomkinga ndiyo huandikwa kwa haraka kupita yote. "Ana mtoto" si kinga mpaka aeleze mtoto huyo ana maana gani kwake. Akisema ndiye anayemfanya avumilie, hiyo ni kinga. Akisema mtoto angeishi vizuri zaidi bila yeye, neno hilo liwekwe upande wa hatari.

Baada ya hapo huja sehemu ninayoiona kuwa kiini cha rekodi, nayo inaweza kuandikwa hivi: "Hana mpango wala nia kwa sasa, ila mawazo humzidi akinywa akiwa peke yake usiku. Kwa hiyo amekubali kulala kwa dada yake, ambaye nimezungumza naye kwa simu kwa idhini ya mgonjwa na ambaye atatunza dawa zote za nyumbani. Nimempa dawa za siku 7 tu. Hakulazwa kwa sababu ana mtu wa kukaa naye na anataka matibabu. Dada akisafiri, au mgonjwa akianza kupanga, aletwe siku hiyo hiyo." Kila hatua hapo imefungamana na jambo lililotajwa juu yake. Ahadi ya maandishi kwamba hatajiua haichukui nafasi ya mpango huo wa usalama, kwani haimwelezi afanye nini mawazo yakirudi.

Wapo waliokuwa wakiandika kwa mafumbo wakihofia kumtia mgonjwa mikononi mwa polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Jaribio la awali basi liandikwe kwa jina lake, pamoja na lini lilitokea na nini kilimwokoa, maana jibu la swali hilo la mwisho mara nyingi ndilo huonyesha nani awekwe kwenye mpango wa usalama.